Hesabu ni ileile, uamuzi tofauti

"Kama matokeo ni yaleyale, maneno tu yanabadilishaje uamuzi wa mtu?"

Maneno ndiyo yanayompa mtu pa kuanzia kuhesabu. Mwaka 1981 wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliwaeleza watu kuhusu ugonjwa unaotarajiwa kuua 600. Kundi moja liliambiwa: mpango wa kwanza utaokoa 200 kwa hakika, wa pili una theluthi moja ya uwezekano wa kuokoa wote, vinginevyo haokoki mtu. Asilimia 72 walichagua hakika. Kundi jingine likaambiwa mpango wa kwanza utaacha 400 wafe, na asilimia 78 wakabahatisha kwa kuchagua ule wa pili. Toa 400 kwenye 600 uone, ni mpango uleule! Ila ukisikia "kuokoa", kila aliyepona ni faida, na faida hatupendi kuihatarisha. Ukisikia "kufa" unahesabu hasara, na kuikwepa tunakubali kubahatisha.