Chokaa ya shamba: mifuko 32 au 20?

Shamba langu liko Rungwe, kwenye udongo mweusi wa majivu ya volkano. Majibu ya maabara yalikuja na namba mbili: pH ya maji 5.1, pH ya bafa 5.6. Ya kwanza inakwambia kwamba udongo una asidi, lakini si kiasi chake, maana sehemu kubwa imeng'ang'ania kwenye mfinyanzi na mboji. Bafa ndiyo inayoipima: ni dawa ya maji ambayo pH yake inajulikana, na kadiri inavyoshuka ikichanganywa na udongo ndivyo asidi ilivyo nyingi.

Bafa ya Mehlich waliyotumia huanzia 6.6. Kwa gramu 10 za udongo, kila ikishuka 0.25 ni sentimoli 1 ya asidi kwa kilo. Yangu ilishuka 1.0, basi ni sentimoli 4. Kuizima, kila sentimoli hutaka nusu kilo ya kalsiamu kaboneti, ndiyo kiini cha chokaa, kwa tani ya udongo, kwa hiyo kilo 2 kwa tani.

Tani ngapi sasa? Hapo ndipo nilipoteleza. Nilichukua uzito wa mazoea, gramu 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Hektari moja, kina cha sentimita 20, ikanipa tani 2,600. Kumbe udongo wa volkano ni mwepesi, mara nyingi hauzidi 0.9. Nilipokuja kuupima, nilizamisha pete ya chuma yenye sentimita 98 za ujazo katikati ya kina hicho bila kuushindilia udongo, nikaukausha kwa nyuzi 105 usiku kucha. Gramu 78: ni 0.8. Tani zikawa 1,600.

```
1,600 × 2 = kilo 3,200 (kufika pH 6.6)
3,200 × (6.0 − 5.1) / (6.6 − 5.1) = 1,920
1,920 / 0.8 = kilo 2,400 kwa hektari
```

Mstari wa pili ni kwa sababu nilitaka 6.0 tu. Wa tatu ni kwa kuwa chokaa yangu ina nguvu ya asilimia 80 ya kalsiamu kaboneti safi. Kwa ekari ni kilo 970 hivi, mifuko 20 ya kilo 50. Hesabu ya kwanza ilinitaka mifuko 32, na niliimwaga yote kwenye kipande cha ekari moja. Mahindi ya pale yalitoa michirizi myeupe kwenye majani machanga: chokaa ilizidi, zinki ikafungwa.

Jambo moja uulize maabara kwanza: udongo waliupima kwa mizani au kwa kijiko cha ujazo? Kama ni kijiko, jibu ni kwa lita ya udongo, si kwa kilo, na uzito tayari umo ndani. Hapo zidisha kwa lita milioni 2 za hektari, usiingize 0.8 tena. Na kama jembe lako linachanganya sentimita 10 tu, weka nusu.