Kila siku ana janga jipya

"Mwenzangu wa meza ya jirani kila asubuhi ana janga: mara mume, mara madeni. Nikija kushtuka, saa nzima imekwisha. Nifanyeje bila kugombana?"

Ndugu, kinachokuponza ni maswali. Ukiuliza "ikawaje?" umefungua sura nyingine, na ukitoa ushauri utajibiwa "nilishajaribu", mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo sema pole, kisha taja muda papo hapo, kabla hadithi haijakolea: "Pole sana dada. Nina dakika tano, halafu narudi kwenye ripoti." Zikiisha, simama. Kusimama kunafanya kazi kuliko kutazama saa, maana mtu aliyezama kwenye maelezo haoni dalili ndogo. Akifuata, mwambie: "Tuongee saa saba, wakati wa chakula." Na saa saba uwepo kweli, la sivyo ataona umemtupa.

Wiki ya kwanza atazidisha: majanga yatakuwa makubwa zaidi, pengine na machozi. Wengi hulegea hapo, na ndipo wanapoharibu, kwa sababu anajifunza kwamba akikazana zaidi utampa ile saa nzima. Shikilia dakika zilezile tano.

Ila akitaja kupigwa au kutaka kujidhuru, achana na saa. Msikilize, usimwache peke yake, mtafutie msaada wa kitaalamu siku hiyohiyo.

Kama kazi zake zimeanza kukuangukia, mweleze msimamizi kazi zipi na tarehe zipi. Ya mumewe usiyaguse.