“Zidisha kwa 100” si jibu: kugeuza mabadiliko ya asilimia kuwa pointi za msingi

Swali: Mtaalamu, nina orodha ya mabadiliko ya asilimia ya robo mwaka kwa ajili ya ripoti ya fedha, na mkuu wangu anataka safu nzima iwe kwenye pointi za msingi. Mwenzangu kaniambia ni kazi ya dakika moja, nizidishe kila kitu kwa 100. Nimezidisha kwenye Excel: mstari mmoja umetoa 25, mwingine 0.25, na wa mikopo chechefu umetoa hasi 1,000. Nimekosea wapi?

Jibu: Tuanze na hizo 25 na 0.25, maana ndilo tatizo dogo. Pointi moja ya msingi ni sehemu moja ya mia ya pointi ya asilimia, kwa hiyo 0.25% ni pointi 25 za msingi. Seli inayosomeka 0.25% ndani yake imehifadhi 0.0025, kwa hiyo ukizidisha kwa 100 unapata 0.25, na ili ufike 25 unatakiwa kuzidisha kwa 10,000. Seli ya pili, aliyeijaza aliandika 0.25 tupu kwa sababu kichwa cha safu tayari kilikuwa na alama ya asilimia, na hiyo ndiyo inayozidishwa kwa 100. Orodha yako imechanganya aina mbili za namba, na kwa macho hutaziona. Chagua safu nzima, badilisha fomati iwe General, kisha utazame zipi zimegeuka kuwa desimali ndogo. Ziweke zote katika sura moja kabla hujagusa fomula.

Sasa hiyo hasi 1,000. Hapo hujakosea hesabu, ila swali lenyewe lilikosewa kabla halijafika kwako, na ndilo kosa ninalokutana nalo karibu kila ripoti ninayopewa kuipitia. Nimelisahihisha mara nyingi mpaka uvumilivu umeanza kuniisha.

Neno “asilimia” katika orodha kama yako linabeba maana mbili. Ulivyoambatisha, uwiano wa mikopo chechefu ulikuwa 4.0% ya mikopo yote, ukashuka hadi 3.6%. Aliyeandaa orodha akachukua hiyo 0.4 iliyopungua, akaigawa kwa 4.0, akaandika hasi 10%. Hajadanganya, kwani uwiano umepungua kwa sehemu moja ya kumi ya ulivyokuwa. Lakini pointi za msingi hazipimi hilo. Zinapima umbali kati ya viwango viwili ambavyo vyenyewe ni asilimia, na kutoka 4.0 hadi 3.6 ni pointi 0.4 za asilimia, yaani pointi 40 za msingi. Mwenzako alikuelekeza kwenye 1,000. Na hata kama huna kumbukumbu ya mwaka jana mkononi, akili ilipaswa kugoma hapo: uwiano wote mzima ulikuwa pointi 400 za msingi, sasa utapunguaje 1,000?

Riba ya mikopo nayo imeumwa na ugonjwa huohuo. Orodha inasema imepanda 5%, nawe ukaandika 500. Msomaji atakayeona pointi 500 za msingi ataelewa kwamba riba imeruka kutoka 12% hadi 17%, na atakupigia simu kabla hajamaliza ukurasa. Kumbe ilitoka 12.00% ikafika 12.60%. Jibu ni 60.

Ukiwa na viwango vyote viwili, achana kabisa na safu ya mabadiliko uliyopewa. Toa cha zamani kwenye kipya, basi. Kama cha zamani kiko B2 na kipya C2, na zote ni seli za asilimia halisi:

```
=ROUND((C2-B2)*10000,0)
```

Usiiache ROUND, na usiweke INT mahali pake. Kompyuta huhifadhi desimali kwa namna ambayo tofauti iliyotakiwa kuwa 25 kamili inaweza kukaa ndani kama 24.9999 na kitu, na INT itakukatia 24 bila aibu. Pia ikague fomati ya seli ya jibu: iwe namba ya kawaida. Nimewahi kuona “2500%” iliyochapishwa, mahali palipotakiwa kusomeka 25.

Ukiwa na kiwango cha mwanzo tu pamoja na badiliko la kulinganisha, kama ile hasi 10%, kuna njia fupi ninayoikubali: zidisha kiwango cha mwanzo, kikiwa kimeandikwa kwa asilimia, kwa badiliko likiwa kwa asilimia. Riba: 12 mara 5 ni 60. Mikopo chechefu: 4 mara 10 ni 40. Angalia tu usishike kiwango cha mwisho kwa bahati mbaya, kwa sababu 3.6 mara 10 itakupa 36, kosa dogo kiasi kwamba hakuna atakayelistukia.

Njia hiyo ina udhaifu ambao wengi hawausemi. Hiyo 5% uliyopewa huenda ni chochote kati ya 4.5 na 5.5 kilichokadiriwa, na ukizidisha kwa 12 unapata kati ya 54 na 66. Ukiandika 60, msomaji anaamini umepima hadi pointi ya mwisho, kumbe hujapima. Kwa hiyo hesabu ya namna hiyo iandikie neno “takriban” au ukatafute viwango vyenyewe.

Mstari wa amana, uliopanda 7%, usiuguse. Amana ni kiasi cha fedha, si kiwango, na pointi za msingi hazina kazi hapo. Mkuu wako anataka safu nzima ifanane, naelewa, lakini mwambie kwamba pointi 700 za msingi za amana zitamfanya msomaji atafute uwiano ambao haupo. Riba, faida ya kando, uwiano wa gharama kwa mapato na kiwango cha mapato ya hati fungani ndivyo vinavyoingia kwenye safu hiyo. Mauzo, amana na idadi ya wateja vibaki na asilimia zao.

Kinachonikera zaidi ni hivi violezo vinavyozunguka kutoka ofisi hadi ofisi, vyenye kitufe kimoja kinachogeuza kila kitu chenye alama ya asilimia. Anayekitumia haulizwi kama namba yake ni tofauti ya viwango au ni ukuaji wa kulinganisha, kwa hiyo naye hajiulizi. Nilipewa ripoti moja ambayo kiolezo hicho kilikuwa kimepita juu yake robo tatu mfululizo. Ukijumlisha mabadiliko yaliyoandikwa, faida ya kando ilikuwa imeshuka chini ya sifuri, ilhali ukurasa wa pili jedwali linaonyesha iko palepale karibu na 6%. Watu watatu walikuwa wameisaini.

Jaribio linalolikamata kosa hilo halichukui hata dakika: chukua kiwango cha zamani, ongeza pointi zako za msingi ukizigawa kwa 100, uone kama unafika kwenye kiwango kipya. Mstari wako wa faida ya kando, 6.10 jumlisha 0.25, unatoa 6.35, na ndivyo jedwali linavyosema. Huo upite. Kwenye mistari ambayo viwango vyenyewe hukupewa, mrudie aliyeandaa orodha, umwombe kiwango cha mwanzo na cha mwisho, kila kimoja kikiwa na desimali mbili. Akikwambia “zidisha tu kwa 100”, mrudie tena.