Kesi nyingi zinaanzia kwenye daftari

Swali la wiki: Mdogo wako anaenda kusoma chuo nje ya nchi, ungemwambia nini kuhusu kusoma, kunakili na kumuuliza mhadhiri?

Mhariri salamu. Mi ningemwambia aanzie kwenye notsi zake, maana wengi wanaoitwa kujieleza kwa wizi wa kitaaluma hawakukaa chini wakapanga kuiba. Mtu anasoma makala, anabandika sentensi kwenye notsi bila alama za kunukuu wala ukurasa, wiki tatu baadaye anaandika esei hajui tena ipi yake ipi ya mwandishi.

Halafu kuna hii ya kubadilisha maneno mawili matatu, kwa wengine hii ndo ilikuwa bidii shuleni lakini kule ni kosa. Chukulia kitabu kimesema "Usingizi wa kutosha husaidia ubongo kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana", we unaandika "Kulala vya kutosha husaidia ubongo kutunza yale yaliyosomwa mchana". Hapo umebadili nguo tu, mifupa ni ileile, na hata ukitaja chanzo bado tatizo lipo. Funga kitabu, jieleze kwa mdomo, kisha andika: "Anayesoma mchana akalala vizuri usiku ana nafasi kubwa zaidi ya kukumbuka alichosoma", halafu weka jina la mwandishi na mwaka. Ndio, chanzo kinatajwa hata kama maneno yote ni yako, kwasababu wazo si lako.

Na ile asilimia ya Turnitin, programu ya kulinganisha esei yako na maandishi ya wengine, isikutie presha wala isikupe kiburi. Inaonyesha maandishi yanayofanana tu, inaweza kuhesabu hata nukuu halali na orodha ya marejeo kama hazijachujwa, kwahiyo 20 inaweza kuwa safi na 5 ikawa aya nzima ya mtu. Fungua ripoti uangalie kilichopakwa rangi. Kingine watu hawakijui, esei yako mwenyewe ya muhula uliopita ukiirudisha kwenye kozi nyingine bila ruhusa ni kosa pia vyuo vingi.

Sasa ukikwama, muulize mhadhiri kabla ya kukabidhi, baada ya hapo ashakuwa msahihishaji. Wengi wana saa za ofisi zilizoandikwa kwenye mwongozo wa kozi, zimewekwa kwa ajili yenu na bado hamna mtu anaenda, wanaogopa kuonekana wajinga. Ila usiende na "sijaelewa", hiyo hana pa kuishika. Imeli fupi inatosha, kichwa cha habari weka namba ya kozi, ndani useme: "Swali la 2 linataka tulinganishe nadharia mbili. Nimesoma sura ya 4 na naona zinatofautiana kwenye chanzo cha tatizo. Je, niishie hapo au nitathmini ipi ina nguvu zaidi?" Hiyo anaijibu kwa mistari miwili. Na kama mnajadiliana na wenzio muulize wazi mwisho wa kusaidiana ni wapi, maana kozi moja inaruhusu kupanga hoja pamoja nyingine inaita hiyo udanganyifu, na jibu hilo lipate kwa maandishi.