Inapunguza asilimia 31 ya nini?

Mzee mmoja mwenye duka la rejareja alinifunga mdomo kliniki. Nilikuwa nimemweleza kwamba dawa ya kolesteroli inapunguza uwezekano wa mshtuko wa moyo kwa asilimia 31. Akapiga hesabu kichwani: "Kwa hiyo, daktari, tukinywa watu mia, 31 tunaokoka?"

Kosa lilikuwa langu. Nilitaja asilimia bila kusema ni asilimia ya nini.

Namba ile ilitoka kwenye utafiti wa Uskoti wa mwaka 1995. Wanaume 6,595 wenye kolesteroli ya juu, ambao hawakuwahi kupata mshtuko wa moyo, walipewa pravastatini au kidonge bandia kwa karibu miaka mitano. Aliporudi nilimweleza upya: "Mzee wangu, chukua wanaume 1,000 wa namna ile. Wasipokunywa dawa, 79 watapata mshtuko wa moyo au kufa kwa maradhi hayo. Wakinywa, 55." Wanaookoka ni 24 kati ya 1,000. Ukigawa 24 kwa 79 unapata kama asilimia 30, na hapo ndipo namba yangu ya kutisha ilipotoka.

Kwa mwenye duka mfano ulikuwa mlangoni: punguzo la theluthi kwenye kiberiti na punguzo la theluthi kwenye gunia la sukari si pesa sawa. Mtu ambaye uwezekano wake ni 3 kati ya 100, theluthi yake ni mtu 1 tu. Aliyekwisha kupata mshtuko ana gunia. Kwa hiyo siku hizi naanza na hali ya mgonjwa bila dawa, ndipo nataja dawa. Na sisemi "una hatari", maana wengi husikia kwamba maradhi yameshabisha hodi. Nasema "watu kadhaa kati ya 1,000 walio kama wewe".

Angalia pia "kwa" na "hadi". Kupungua kwa asilimia 31 na kupungua hadi asilimia 31 ni mambo mawili mbalimbali, na ukiongea haraka mgonjwa hashiki tofauti.

Madhara yapimwe kwa kibaba kilekile. Ni rahisi kusema faida kwa asilimia kubwa, kisha madhara ukayaita "nadra". Dawa za jamii hii, zikinywewa miaka minne, huongeza wagonjwa wa kisukari kama 4 kati ya 1,000. Nilimtajia hilo pamoja na maumivu ya misuli.

Mwisho nilimwomba amweleze mkewe aliyekuja naye. Akamwambia: "Mama, tukiwa elfu moja, 921 hatupati hata bila dawa. 55 tunapata tu, tunywe tusinywe. Dawa inawafaa 24, na nani ni nani hakuna ajuaye." Kisha akanigeukia: "Haya, ya mwezi ni shilingi ngapi?"