Niliacha omeprazoli, kiungulia kikarudi kwa hasira

"Nimemeza omeprazoli mwaka na nusu. Niliacha ghafla, siku ya nne kifua kikawaka kuliko mwanzo. Ndiyo siwezi tena kuishi bila dawa?"

Pole sana ndugu yangu. Huo moto si lazima uwe ugonjwa uliorudi. Omeprazoli hufunga vipampu vya asidi tumboni, na mwili ukiona asidi imepungua huongeza homoni ya gastrini ili kuvichochea. Ukiacha ghafla, breki imetoka ila kichocheo bado kiko juu, basi asidi humwagika kupita kiasi, pengine kwa wiki kadhaa. Wengi hapo hukimbilia duka la dawa, wanaanza upya.

Punguzeni dozi taratibu, wewe na daktari wako. Kama ulikuwa kwenye miligramu 40, mnaweza kukaa kwenye 20 kwa wiki mbili hadi nne, halafu siku moja umeze, siku moja uache. Kifua kikiwaka wakati huo, tafuna kidonge cha magnesiamu cha kutuliza asidi.

Kumeza omeprazoli kwa miaka kunaweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Lakini kama vidonda viliwahi kukutoa damu, au unameza aspirini kila siku, omeprazoli ndiyo inayokulinda, usiiache kwa uamuzi wako. Ukiona choo cheusi kama lami, au chakula kinakwama kifuani, nenda hospitali leo.