Mkuu, hizo insha 50 za kukariri usizinunue

"Wakuu habari. Nina miaka 41, fomu foo nilimaliza 2002 na tangu hapo sijashika daftari. Chuo nilichoomba kinataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS, nimejipa miezi miwili. Kuna mwalimu anauza insha 50 za kukariri, zitanisaidia?"

Usilipe. Kama umeshatuma kianzio, kiache kiende, usikifuate na hela nyingine. Nimesoma swali lako nikajiona mimi mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita, na hasira zimenirudi upya.

Nilikuwa karani wa ghala Mwanza, miaka kumi na saba ya kuhesabu magunia na kuandika stakabadhi kwa Kiswahili. Nilipopata wazo la kusoma nje, Kiingereza changu kilikuwa kimebaki salamu na majina ya vitu. Nikajiunga na kundi la mwalimu mmoja wa mtandaoni. Akaongea nami dakika tano kwa simu, akasema, "Kaka, sarufi kwa umri wako ni kupoteza muda. Kariri mifano, maswali yanajirudia." Nikamwamini kwa sababu aliniambia nilichotaka kusikia, kwamba si lazima nirudi kwenye vitu vya darasa la tano. Laki mbili na nusu ikaenda, zikaja insha arobaini. Nilizikariri miezi miwili, usiku watu wamelala mimi nazunguka sebuleni nanong'ona.

Siku ya mtihani swali likaja: serikali itumie fedha zaidi kwenye reli au kwenye barabara? Kichwani nilikuwa na insha ya foleni na moshi wa magari mijini. Nikaimwaga yote. Aya mbili za kwanza zilikuwa Kiingereza cha profesa. Halafu ikabidi nitaje reli, ambayo kwenye insha ya mwalimu haikuwemo, nikaandika sentensi yangu mwenyewe: "The train is carry many people and last year I was travel by train." Msahihishaji yeyote anaona hapo kwamba karatasi moja imeandikwa na watu wawili. Kuandika nikapata 4.5, chuo kilitaka 6. Ada ya mtihani haikurudi, na muhula wa chuo ukanipita.

Yule mwalimu alijua, au alipaswa kujua, jinsi kuandika kunavyopimwa. Una saa moja na kazi mbili. Ya pili ndiyo insha, angalau maneno 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Insha inapimwa kwa mambo manne yenye uzito sawa: umejibu ulichoulizwa, mawazo yanafuatana, msamiati, na sarufi. Insha ya kukariri inakuangusha kwenye la kwanza kwa sababu umejibu swali la mtu mwingine, na kwenye la nne kila unapolazimika kuongeza neno lako. Na ikithibitika jibu zima limekaririwa, ni sifuri. Mtu anachukua laki mbili na nusu ya karani wa ghala bila kumwambia hilo! Sitamsamehe.

Aliyenitoa shimoni ni mama mmoja jirani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hakunipa kitabu. Alinipa karatasi tupu, akasema niandike sentensi kumi juu ya jana yangu, bila simu, bila kamusi. Nilitokwa jasho. Niliandika "Yesterday I was go to market", kisha "My wife is cook ugali", kisha "I have tired". Akapigia mstari vitenzi tu, vingine vyote akaviacha, hata tahajia. Saba kati ya kumi vilikuwa vibovu. Akaniambia: "Wewe bado unaongea Kiswahili, umebadilisha maneno tu."

Hapo ndipo nilipoelewa tatizo langu, na naamini ndilo lako. Sisi wakati unakaa ndani ya kitenzi chenyewe: a-na-pika, ni-li-kwenda. Kwa hiyo kichwa kinatafuta kipande cha kuziba nafasi ya -na- kikaokota "is", na kwa -li- kikaokota "was". Anapika inakuwa "is cook", nilikwenda inakuwa "was go". Kiingereza hakifanyi hivyo. Ama kitenzi kinabadilika chenyewe bila msaidizi, "I went", ama kinapata msaidizi na kulazimika kuvaa umbo fulani, "I was going". Nusu ya hiki na nusu ya kile haipo.

Na -me- ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Tunafundishwa shuleni kwamba -me- ni "have", basi. Lakini nimechoka ni "I am tired", amekaa ni "he is sitting", na nimemwona jana ni "I saw him yesterday", kwa sababu ukishataja jana, "have" haikai. Neno letu moja linatoka kwa njia tatu tofauti. Nilipoliona hili nilihisi mzigo umeshuka. Miaka yote nilidhani kichwa changu kimezeeka, kumbe nilikuwa nafuata kanuni sahihi ya lugha nyingine.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kitenzi kwanza, hadi kikae sawa, ndipo insha. Kila jioni sentensi kumi juu ya siku yako halisi. Subiri hadi asubuhi, kwa sababu usiku huohuo hutaona kosa. Chukua kalamu nyekundu, pigia mstari kila kitenzi, ukiulize: una msaidizi au huna? Ukiwa na "is" au "was", mwisho uwe na -ing. Ukiwa na "did", "can" au "will", kitenzi kibaki kitupu, "did go", kamwe si "did went". Ukiwa huna msaidizi na jambo limepita, umbo libadilike, na kama ni mazoea ya yeye, weka -s: "she cooks". Kuna "was built" ya kitu kilichotendwa, hiyo iache hadi mwezi wa tatu, mapema itakuvuruga. Kisha andika idadi ya makosa pembeni ya ukurasa. Mimi wiki ya kwanza saba, wiki ya sita matatu, wiki ya kumi kosa moja au hakuna. Zile namba pembeni ndizo zilizonirudishia kujiamini, kwa sababu nilizihesabu mwenyewe.

Kuna makosa hutayaona kabisa. Tafuta mtu anayejua, aweke alama pembeni ya mstari wenye kosa bila kukusahihishia. Akikuandikia jibu, wiki ijayo utalikosa tena. Binti yangu wa kidato cha pili alinifanyia kazi hiyo. Mwanzo niliona aibu, nikaficha daftari chini ya godoro. Alilikuta, akakaa kimya, akarudi na penseli.

Mwezi wa nne ndipo nilipoanza insha za maneno 250, sentensi zangu mwenyewe, fupi fupi. Mwezi wa tano nikarudia mtihani, kuandika nikapata 6. Hakuna neno hata moja la profesa mle ndani.

Miezi miwili yako ni michache, mkuu. Kama tarehe bado hujailipia, isogeze. Na leo usiku andika zile kumi juu ya jana yako, uziweke hapa hapa kwenye uzi kama zilivyo, usizisahihishe. Nitakuwekea alama pembeni.